Jumlisha kwanza au geuza kwanza? Njia za kuunganisha alama za mitihani kwenye mkeka mmoja

Mitihani ya nusu muhula imeshasahihishwa. Walimu wa masomo wanaleta alama zao kwa mwalimu wa taaluma mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ana vipimo vyake. Mwalimu wa Kemia amefuata mpangilio wa mtihani wa taifa wa kidato cha nne: karatasi ya nadharia yenye alama 100 na karatasi ya vitendo yenye alama 50. Historia ni 100. Mwalimu wa Hisabati alipewa muda mfupi, akatunga maswali ya alama 60. Kiswahili ni 50. Jumatatu asubuhi mkuu wa shule anataka mkeka mmoja ukutani, wenye asilimia ya kila somo, wastani na nafasi ya kila mwanafunzi.

Hapo ndipo walimu wanapogawanyika. Wengine hujumlisha alama zote ghafi, wakagawa kwa jumla ya alama kamili, wakazidisha kwa 100. Wengine hugeuza kila karatasi kuwa asilimia kwanza, kisha wanatafuta wastani wa asilimia hizo. Wengi wanaamini kwamba njia zote mbili zinafika palepale. Hazifiki palepale, isipokuwa karatasi zote ziwe na alama kamili sawa. Nimekuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka kadhaa, na msimamo wangu ni huu: karatasi za somo moja zijumlishwe kwanza ndipo zigeuzwe, lakini masomo tofauti yageuzwe kwanza ndipo yajumlishwe. Nitaeleza sababu kwa hesabu, kwa sababu bila hesabu ubishi huu hauishi.

Ndani ya somo moja: nadharia na vitendo

Chukua wanafunzi wawili wa Kemia. Namba 7 ni hodari maabara. Mkono wake umetulia kwenye bureti na usomaji wake unakaribiana sana na ule wa mwalimu. Amepata 44 kati ya 50 za vitendo, lakini nadharia imempa 58 tu kati ya 100. Namba 12 ni kinyume chake: nadharia 78, vitendo 25. Nimeweka hapa njia tatu sambamba.

| Mwanafunzi | Nadharia (100) | Vitendo (50) | Jumlisha kwanza | Geuza kwanza | Uzito 60 kwa 40 |
|---|---|---|---|---|---|
| Namba 7 | 58 | 44 | 68 | 73 | 70 |
| Namba 12 | 78 | 25 | 69 | 64 | 67 |

Kwenye safu ya "jumlisha kwanza", namba 7 ana 102 kati ya 150, ambayo ni asilimia 68. Namba 12 ana 103 kati ya 150, yaani 68.67, na ukikadiria unapata 69. Namba 12 yuko mbele kwa alama moja. Kwenye "geuza kwanza", vitendo vya namba 7 vinakuwa asilimia 88, na wastani wa 58 na 88 ni 73. Vitendo vya namba 12 vinakuwa 50, na wastani wa 78 na 50 ni 64. Sasa namba 7 ameongoza kwa alama tisa nzima, na namba 12 ameshuka kutoka B hadi C, kwa sababu B ya kidato cha nne inaanzia 65. Hakuna aliyeongeza wala kupunguza jibu hata moja. Kilichobadilika ni hesabu ya mwalimu peke yake.

Sababu yake inaonekana ukijiuliza alama moja ina thamani gani. Ukijumlisha kwanza, kila alama ina thamani ya theluthi mbili ya asilimia, iwe imetoka kwenye nadharia au kwenye vitendo. Ukigeuza kwanza, alama moja ya vitendo ina thamani ya asilimia moja kamili, na alama moja ya nadharia ina thamani ya nusu asilimia. Kwa maneno mengine, umeamua kwamba jibu la maabara ni zito mara mbili kuliko jibu la kwenye karatasi. Huenda hukukusudia kuamua hivyo, lakini hesabu imekuamulia.

Ndiyo maana kwa karatasi za somo moja ninajumlisha kwanza. Anayetunga mtihani akiipa nadharia alama 100 na vitendo 50 anakuwa ameshapanga uzito: theluthi mbili kwa moja. Kugeuza kila karatasi kuwa asilimia ni kuufuta mpango huo kimyakimya. Ukijumlisha, uzito alioupanga mtunzi unabaki vilevile.

Safu ya mwisho ya jedwali, uzito wa 60 kwa 40, inahitajika pale ambapo uzito wa karatasi umetamkwa wazi na haulingani na alama zilizoandikwa juu yake. Mfano mzuri uko Kenya. Kwenye KCSE, mtihani wao wa taifa wa kidato cha nne, Kemia ina karatasi tatu: ya kwanza alama 80, ya pili 80, na ya tatu, ya vitendo, 40. Walimu wa huko hawajumlishi 200 na kugawa kwa mbili kama wanavyofanya kwa Kiswahili, ambacho karatasi zake ni 40, 80 na 80. Kwa Kemia wanachukua jumla ya karatasi mbili za kwanza, wanaigawa kwa 160, wanazidisha kwa 60, kisha wanaongeza alama za vitendo kama zilivyo. Mwanafunzi mwenye 90 kati ya 160 na 34 kati ya 40 anapata 33.75 jumlisha 34, yaani 67.75. Angejumlishiwa tu alama zake angepata 124 kati ya 200, yaani 62. Karibu alama sita zimetokana na uzito wa vitendo kupanda kutoka asilimia 20 hadi 40.

Basi ukikuta kanuni iliyotamkwa, ifuate hata kama karatasi zinaonekana kusema vingine. Isipokuwepo, jumlisha. Kugeuza kila karatasi na kutafuta wastani kunafaa pale tu shule imekaa, ikakubaliana kwamba karatasi hizo ziwe na uzito sawa, na wanafunzi wakaambiwa kabla ya kuingia kwenye mtihani.

Kati ya masomo mambo yanageuka

Ukishapata asilimia ya Kemia, kuna kishawishi cha kuendelea na njia ileile hadi kwenye jumla kuu: chukua alama zote ghafi za masomo manne, gawa kwa 360, basi. Hapa ndipo ninapokataa. Tazama wanafunzi wengine wawili wa darasa hilohilo.

Namba 19 ana Kemia 120 kati ya 150, Historia 70 kati ya 100, Hisabati 24 kati ya 60, na Kiswahili 30 kati ya 50. Namba 23 ana Kemia 90, Historia 68, Hisabati 42 na Kiswahili 36. Ukijumlisha alama ghafi, namba 19 ana 244 na namba 23 ana 236. Kwa asilimia ni 67.8 dhidi ya 65.6, na namba 19 yuko mbele. Sasa geuza kila somo kwanza. Namba 19 ana 80, 70, 40 na 60, wastani 62.5. Namba 23 ana 60, 68, 70 na 72, wastani 67.5. Namba 23 amempita kwa alama tano, na darasani pengo la alama tano linaweza kuwa na wanafunzi kumi katikati yake.

Kilichombeba namba 19 kwenye jumla ghafi ni Kemia peke yake. Somo hilo lina 150 kati ya 360, zaidi ya asilimia 41 ya mkeka mzima, wakati Kiswahili kina chini ya asilimia 14. Je, kuna aliyekusudia Kemia iwe na uzito mara tatu ya Kiswahili? Hakuna. Alama 150 za Kemia zimetokana na kuwapo kwa maabara, na alama 50 za Kiswahili zimetokana na urefu wa kipindi. Ndani ya somo moja, tofauti ya alama kamili ni uamuzi wa mtunzi mmoja aliyeziona karatasi zote mbili. Kati ya masomo, tofauti hiyo imetokea tu, kwa sababu watunzi hawakukaa pamoja. Kwa hiyo kila somo ligeuzwe kuwa asilimia, lisimame sawa na mwenzake, ndipo utafute wastani.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wa Tanzania unaukwepa ubishi huu tangu mwanzo. Kila somo ni alama 50, masomo sita, jumla 300. Pakiwa hivyo, njia zote zinatoa mpangilio uleule. Kama shule yako inaweza kukubaliana kwamba majaribio yote ya mwezi yawe na alama 50, sehemu kubwa ya makala hii haikuhusu.

Kuna njia nyingine ninayoiona mara kwa mara, nayo naikataa moja kwa moja: mwalimu anagawa kwa alama ya juu iliyopatikana badala ya alama kamili. Hisabati ni 60, aliyeongoza amepata 48, basi mwalimu anagawa kila mtu kwa 48. Namba 19 mwenye 24 anapata asilimia 50 badala ya 40, na D yake imekuwa C. Mwalimu anasema mtihani ulikuwa mgumu. Inawezekana kweli ulikuwa mgumu, lakini asilimia hiyo haiwezi tena kukaa kwenye mkeka mmoja na Historia iliyogawanywa kwa 100. Kibaya zaidi, ukimtazama mwanafunzi mmoja mmoja huioni hitilafu. Dalili yake ni moja: somo hilo lina mtu mwenye 100 kamili kila mtihani. Ukiliona hilo, omba karatasi ghafi.

Ile 45 iliyopewa D

Mwaka mmoja nilibandika mkeka ubaoni asubuhi, na kabla ya chai binti mmoja wa kidato cha tatu alikuja mlangoni mwa ofisi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mwalimu, Kemia nimepata 45, nimeandikiwa D. Mwenzangu ana 45 hiyohiyo, ameandikiwa C."

Niliufungua mkeka kwenye kompyuta nikiwa na uhakika kwamba amesoma mstari usio wake. Alikuwa amesoma sawasawa. Yeye alikuwa na 67 kati ya 150, mwenzake 68. Sitini na saba gawa kwa 150 mara 100 ni 44.67. Nilikuwa nimeficha desimali ili mkeka usomeke vizuri, kwa hiyo kisanduku kilionyesha 45, lakini ndani yake bado kulikuwa na 44.67. Fomula ya gredi haisomi kinachoonekana, inasoma kilichomo. Kwa kuwa 44.67 haijafika 45, ikatoa D. Mwenzake alikuwa na 45.33, ikaonekana 45 na kupewa C. Kwenye mkeka ule walikuwepo wanafunzi wengine watatu wa namna hiyo katika masomo mengine, na hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kuficha desimali na kukadiria ni vitu viwili tofauti. Kuficha kunabadilisha sura ya namba. Kukadiria kunabadilisha namba yenyewe. Kwenye Excel kinachokadiria ni `ROUND`, na ninaitumia mahali pamoja tu kwa kila somo: mwishoni, baada ya kujumlisha na kugawa. Ukikadiria nadharia, ukakadiria vitendo, kisha ukakadiria jumla, makosa madogo yanajilimbikiza, na mtu anavuka mpaka wa gredi kwa sababu ya ukadiriaji tu.

Unaweza kuuliza: wastani wa masomo yote utokane na asilimia zilizokadiriwa au zenye desimali zake zote? Wapo wanaotetea desimali, kwamba ni sahihi zaidi, nao wana hoja. Mimi nachagua zilizokadiriwa, na wastani wenyewe nauweka kwenye desimali moja. Mzazi akiwa na mkeka mkononi na simu yenye kikokotoo, anapaswa kujumlisha namba zilizochapwa na kupata wastani uliochapwa. Akipata tofauti ya nukta mbili hatajua kwamba kuna desimali zilizofichwa. Atajua tu kwamba hesabu ya shule haikubali.

Kikokotoo, jedwali la ukutani, au Excel

Si kila ofisi ya walimu ina kompyuta inayofanya kazi, na umeme nao una siku zake. Kwa hiyo zana zote tatu bado zinatumika, na kila moja ina namna yake ya kukuponza.

Kwa kikokotoo, kosa kubwa ni kizidishi kilichokatwa. Mwalimu anagawa 100 kwa 150, anapata 0.6666, anaandika 0.67 pembeni mwa daftari na kuzidisha kila alama. Jaribu kwa mwanafunzi aliyepata zote: 150 mara 0.67 ni 100.5. Amepata zaidi ya asilimia mia. Anayekata kuwa 0.66 anampa huyohuyo 99, na yule binti wa 67 anapata 44.22, ambayo hata ukiikadiria inabaki 44. Gredi imepotea kwa sababu ya tarakimu moja ya kizidishi. Dawa ni kuacha desimali, ukazidisha na kugawa kwa namba nzima. Kwa 150, zidisha kwa 2 gawa kwa 3. Kwa 60, zidisha kwa 5 gawa kwa 3. Kwa 40, zidisha kwa 5 gawa kwa 2. Kwa 80, zidisha kwa 5 gawa kwa 4. Kwa 30, zidisha kwa 10 gawa kwa 3. Kiswahili cha KCPE, mtihani wa Kenya wa kumaliza shule ya msingi, hadi ulipofanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2023, kilikuwa na 50 za maswali ya kuchagua na 40 za insha, jumla 90, na hapo unazidisha kwa 10 na kugawa kwa 9. Vidole vinabonyeza mara mbili badala ya moja, lakini jibu ni kamili.

Jedwali la kugeuzia ni karatasi moja yenye safu mbili: alama kutoka 0 hadi 60 upande huu, asilimia yake upande ule. Linaandaliwa mara moja, linahakikiwa na watu wawili, linabandikwa ukutani, na baada ya hapo hakuna anayepiga hesabu. Kwa shule isiyo na kompyuta ningelichagua hili kabla ya kikokotoo. Mtu anayebonyeza kikokotoo mara 60 kwa somo moja anachoka, na akishachoka anaruka tarakimu. Udhaifu wa jedwali ni alama za nusu. Mwalimu akitoa 26½, jedwali halina mstari huo, na kila mtu atachagua la kwake. Kubalianeni kwamba alama za nusu zinamalizwa kwenye karatasi ya mwanafunzi kabla hazijaingia kwenye fomu.

Excel inashinda zote mbili kwa sharti moja: alama kamili zisiandikwe ndani ya fomula. Nimeona mikeka yenye `C5/50*100` imenakiliwa mistari 60, mwezi uliofuata mtihani ukawa wa alama 40, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Aliyepata zote alionekana ana 80, na darasa zima likashuka kwa moja ya tano. Alama kamili ziwe na mstari wake juu ya majina. Kwangu ni mstari wa 3, wanafunzi wanaanzia mstari wa 5, nadharia iko safu ya C, vitendo safu ya D, asilimia E, gredi F. Fomula ya asilimia inakuwa hivi:

```
=IF(COUNT(C5:D5)<2,"X",ROUND(SUM(C5:D5)/SUM(C$3:D$3)*100,0))
```

Alama ya dola mbele ya 3 inaufunga mstari wa alama kamili usihame unapovuta fomula kwenda chini. Bila hiyo, mwanafunzi wa pili atagawiwa kwa mstari wa 4 na wa tatu kwa alama za mwanafunzi wa kwanza. Utaligundua kosa hilo haraka, kwa sababu asilimia zitaruka hadi 130 au zitaleta hitilafu ya kugawa kwa sifuri.

Aliyekosa mtihani

Sehemu ya mwanzo ya fomula hiyo, yenye `COUNT`, imetokana na wale ambao hawakufanya. Hili ndilo linaloharibu mikeka mingi zaidi, nami nalitolea nafasi yake kwa sababu hitilafu zake ni za kimya.

Kisanduku kitupu kwenye Excel kina tabia mbili. Ukikigawa kwa 50, Excel inakihesabu kuwa sifuri, na mgonjwa aliyelazwa hospitali anapata 0 sawa na aliyefanya akakosa yote. Ukikiweka ndani ya `AVERAGE`, Excel inakiruka kana kwamba somo hilo halikuwepo. Namba moja inamwonea mwanafunzi, nyingine inampendelea. Mwenye 68 katika masomo matatu na 36 kwenye Hisabati ana wastani wa 60. Asipokuja siku ya Hisabati, wastani wake unakuwa 68, na anawapita wenzake waliojitokeza na kupambana.

Basi asiyefanya aandikiwe X, na anayepata X kwenye karatasi moja ya Kemia apate X kwenye Kemia yote. `COUNT` inahesabu namba tu. Ikikuta namba pungufu ya mbili, fomula inaandika X badala ya kukisia. Kwenye wastani ninafanya vilevile: masomo yakiwa manne na namba zikiwa tatu, hakuna wastani wala nafasi mpaka afanye mtihani wa marudio. Jina lake linabaki kwenye mkeka na asilimia za masomo aliyofanya zinasomeka. Anachokosa ni nafasi, na hilo nimeweza kuwaeleza wazazi bila taabu kila mara.

Sasa angalia mtego ulioninasa mimi mwenyewe. Fomula ya gredi iliyozoeleka inaanza na swali "je, ni 75 au zaidi?" Kwa Excel, maandishi yoyote ni makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo X ni kubwa kuliko 75, na asiyefanya mtihani anaandikiwa A. Fomula lazima iulize kwanza kama kilichomo ni maandishi:

```
=IF(ISTEXT(E5),"X",IF(E5>=75,"A",IF(E5>=65,"B",IF(E5>=45,"C",IF(E5>=30,"D","F")))))
```

Mipaka hiyo ni ya kidato cha nne cha Tanzania. Kwingineko badilisha namba, lakini acha `ISTEXT` mahali pake. Nafasi za darasani zinatolewa na `RANK`, ambayo inawaruka wenye X inapowapanga wengine, ila kwenye mstari wa mwenye X inaleta hitilafu, kwa hiyo nayo itangulie swali lilelile la `ISTEXT`. Wawili wakifungana nafasi ya 4 wote ni wa 4, anayefuata ni wa 6.

Jambo ambalo njia zote hizi haziwezi kulifanya ni kusawazisha ugumu. Asilimia inasawazisha ukubwa wa kipimo tu. Jaribio la alama 20 linaruka asilimia tano kwa kila alama: ukipata 9 una 45 na C, ukipata 8 una 40 na D, na katikati hakuna kitu. Kwenye 150, kati ya 40 na 45 kuna hatua saba. Ndiyo maana jaribio la alama 20 siliingizi kwenye mkeka likiwa peke yake. Ninasubiri mwalimu awe na mawili au matatu ya somo hilohilo, ninayajumlisha kwa njia ya kwanza, ndipo ninageuza.

Kabla ya kuchapa, mkeka wangu wowote unapita kwenye mtihani wake. Ninaongeza wanafunzi watatu wa kubuni chini ya majina. Wa kwanza ninampa alama kamili kila karatasi, naye lazima apate 100 na A kila mahali. Wa pili ninampa nusu kamili ya kila karatasi, naye lazima apate 50 kila somo. Huyu ndiye anayefichua alama kamili iliyoandikwa vibaya, maana somo lenye kosa litatoa 40 au 63 na litajitenga na mengine papo hapo. Wa tatu ninamwandikia X kila mahali, naye asipate namba wala A popote. Wote wakipita, ninawafuta mistari yao yote mitatu na kuangalia nafasi upya, kwa sababu yule wa alama kamili akibaki atashika nafasi ya kwanza, na darasa zima litasogea nafasi moja nyuma.